Insha ya maneno 3,000 kwa wiki sita: kunakili huanza wiki ya pili, si usiku wa mwisho

Nimesahihisha insha ndefu za wanafunzi wa chuo kwa miaka kadhaa. Karibu kila aliyekutwa amenakili huniambia neno lilelile: "Mwalimu, muda uliniishia." Huwa simbishii. Namwomba aniletee daftari alilosomea, na humo ndimo ninamoona kosa lilipozaliwa, wiki tatu au nne kabla ya usiku anaoulaumu.

Tuanze na hesabu. Mtu aliyekwisha kusoma, na anayejua anachotaka kusema, huandika kama maneno 250 kwa saa. Ndivyo ninavyoandika mimi, na ndivyo nilivyowapima wengi darasani. Kwa hiyo maneno 3,000 ni saa 12 za kuandika tu. Anayeketi saa mbili usiku na kazi inatakiwa saa mbili asubuhi anazo saa 12 kamili, bila kula, bila kusinzia, bila umeme kukatika, na bila kusoma ukurasa hata mmoja. Ikifika saa nane za usiku ana maneno 700. Hapo anafungua daftari, anakuta aya nzuri ya maneno 150 ambayo hakumbuki aliitoa wapi, anaihamisha kama ilivyo. Hajisikii mwizi, maana mwandiko ni wake.

Kwa nini watu wanakadiria vibaya? Mwaka 1994 wanasaikolojia Buehler, Griffin na Ross walichapisha utafiti wa wanafunzi waliokuwa wakimalizia tasnifu zao. Kwa wastani walitabiri siku 34. Walipoambiwa wakadirie endapo kila kitu kitakwenda mrama, walisema siku 49. Walitumia siku 55 na ushee. Yaani hata makadirio yao ya balaa yalikuwa na matumaini mno! Ndiyo maana ratiba hii ina wiki ambayo karibu haina kazi. Usiijaze.

Mfano tutakaoufuata

Swali: *Jadili jinsi usanifishaji wa Kiswahili ulivyoigusa lahaja ya Kimvita.* Kimvita ni lahaja ya Mombasa. Maneno 3,000, wiki sita, jumla ya saa 42.

Wiki ya kwanza (saa 4). Usifungue kitabu. Andika nusu ukurasa wa unachokijua tayari, hata kama ni kibovu. Mfano: najua mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, najua Kamati ya Lugha iliundwa 1930 kukisimamia, sijui watu wa Mombasa walilipokeaje jambo hilo, sijui waandishi wa Kimvita walifanya nini vitabu vya shule vilipoanza kuhaririwa kwa Kiunguja. Hayo mawili usiyoyajua ndiyo insha yako. Tarehe kila mtu anazo. Nusu ukurasa huu utunze, kwa sababu ndio ushahidi wa sauti yako kabla hujasoma sauti za wengine.

Wiki ya pili na ya tatu (saa 17). Hapa ndipo penye hatari, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua vyanzo sita hadi vinane, si ishirini. Kila unachoandika daftarini kiwe na herufi pembeni: N ni nukuu, neno kwa neno, ndani ya alama za kunukuu na namba ya ukurasa. M ni muhtasari, uliouandika kitabu kikiwa kimefungwa, nao pia una namba ya ukurasa. W ni wazo lako. Mstari usio na herufi ufute siku hiyohiyo. Najua inauma. Nilipokuwa mwanafunzi nilikuta katika daftari langu sentensi tamu sana kuhusu ushairi wa Mombasa, haina alama yoyote. Nilishinda maktaba siku nzima nikiitafuta, sikuipata. Mpaka leo sijui kama ni yangu. Niliiacha nje ya insha.

Mwanafunzi mwenye haraka haandiki N wala kufunga kitabu. Anasoma mstari, anabadilisha maneno mawili, anaandika, anasogea mstari unaofuata. Zao lake ni maandishi ya viraka. Tazama mfano niliotunga mwenyewe. Tuseme chanzo kinasema:

"Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, uamuzi uliowaudhi wenyeji wenye fasihi ndefu ya Kimvita."

Kiraka kinakuwa hivi: *Katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, jambo lililowakera wakazi waliokuwa na fasihi ya muda mrefu ya Kimvita.*

Mifupa ni ileile, nyama tu imebadilishwa. Hata ukiweka jina la mwandishi mwishoni, unamwambia msomaji kwamba wazo ni lake na sentensi ni yako, na sentensi si yako. Sasa aliyefunga kitabu na kufikiria swali lake anaweza kuandika: *Kikao kilifanyika Mombasa, lakini lahaja iliyoshinda ni ya Unguja. Lahaja aliyoitumia mshairi Muyaka bin Haji karne moja kabla haikukosa fasihi. Kilichoamua si wingi wa tungo.* Mwandishi bado anatajwa kwa habari ya kikao na ya fasihi ya Kimvita, lakini hoja imeanza kutembea kwa miguu yake.

Mwisho wa wiki ya tatu mweleze mtu hoja yako kwa dakika tano bila daftari. Mwenzako wa chumbani anatosha. Pale unapokwama ndipo unapohitaji kurudi kusoma, na bado una muda wa kurudi.

Wiki ya nne (saa 12). Andika rasimu: vikao sita vya saa mbili, maneno 500 kila kikao. Vitabu vifungwe, daftari liwe wazi kwenye mpango wako tu. Unapofika mahali panapotaka chanzo, weka mabano papo hapo: jina, mwaka, ukurasa. Usiandike "nitaweka baadaye". Nimekwisha kuona insha ambamo "baadaye" ilibaki kwenye nakala iliyokabidhiwa.

Wiki ya tano (saa 6). Sasa ndipo unafungua vitabu na kulinganisha. Kila N iwe sawa herufi kwa herufi. Kila M isome kando ya chanzo chake: ukiona maneno matano au sita yanafuatana vilevile, na si jina la kitu, ama yafunge ndani ya alama za kunukuu ama andika upya kitabu kikiwa kimefungwa.

Wiki ya sita (saa 3). Lugha na orodha ya marejeleo. Siku zilizobaki ni za malaria, msiba, kompyuta iliyogoma. Kuna kitu kitatokea.

Maswali ya wasomaji

Shikamoo mwalimu. Mimi niko mwaka wa pili, Dodoma. Nimesoma ratiba nikacheka, maana nina siku nne tu na sijaanza.

Marahaba. Leo, kabla ya kulala, mwandikie mhadhiri kuomba nyongeza ya muda. Ombi la siku nne kabla lina uzito ambao la asubuhi ya kukabidhi halina. Usingoje jibu. Punguza swali: badala ya Kimvita chote, chukua vitabu vya shule tu. Tafuta vyanzo vitatu. Siku ya kwanza soma kwa N, M, W. Ya pili na ya tatu andika vikao vitatu kila siku. Ya nne linganisha. Ukiishia maneno 2,200, kabidhi 2,200. Utapoteza alama kwa ufupi. Hilo linarekebishika semista ijayo. Shauri la kunakili hubaki kwenye faili lako.

Mwalimu, mimi nasoma vyanzo vya Kiingereza na kuandika kwa Kiswahili. Nikitafsiri mwenyewe, maneno si yangu tayari?

Swali hili ndilo linalowaponza wengi, kwa kuwa tafsiri ni kazi ngumu na mtu huona ameitolea jasho. Lakini jasho ni la kutafsiri. Mpangilio wa hoja, mifano na hitimisho ni vya mwenye chanzo. Tafsiri ya neno kwa neno ni nukuu: ifunge kwa alama, taja ukurasa, na useme tafsiri ni yako. Kwenye daftari ongeza herufi ya nne, T.

Usikae muda mrefu kwenye T. Jilazimishe kuandika M moja kwa moja kwa Kiswahili baada ya kusoma kurasa tatu au nne za Kiingereza. Ukitafsiri sentensi moja moja, Kiswahili chako kitakuja na harufu ya Kiingereza, na msahihishaji atainusa bila programu yoyote. Akikuta "ni muhimu kutambua ya kwamba" mara nne katika ukurasa, naye vyanzo hivyo amevisoma kwa Kiingereza, anajua afungue kitabu gani.

Programu ya Turnitin imenipa 22%. Nimekwisha?

Namba hiyo inasema kiasi cha maandishi kinachofanana na maandishi mengine, basi. Fungua ripoti uone rangi imekaa wapi. Ikiwa ni kwenye orodha ya marejeleo, nukuu zenye alama, na majina marefu kama "Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki", huna tatizo. Mwenzako mwenye 4% anaweza kuwa na aya nzima ya mtu mmoja isiyotajwa, na huyo ndiye wa kuitwa ofisini. Wala usibadilishe neno moja moja ili namba ishuke. Hiyo ni kutengeneza viraka vipya, tena kwa kukusudia.

Hujambo mwalimu. Nafanya kazi dukani Jumatatu hadi Jumamosi, nina Jumapili pekee. Saa saba kwa wiki nazipata, ila zote ni siku moja.

Sijambo. Kusoma kwa saa saba mfululizo, mtu huanza kunakili bila kujua baada ya saa ya nne, kwa kuwa mkono unaendelea wakati kichwa kimelala. Jumapili asubuhi soma kwa muda wa saa tatu, pumzika mpaka jioni, kisha soma saa mbili nyingine. Mbili zilizobaki zigawe dukani: chukua karatasi, na wateja wakipungua andika M ya ulichosoma Jumapili bila kitabu. Dukani kitabu hakipo, kwa hiyo huwezi kunakili hata ukitaka. Saa tatu zinazobaki wiki ya kwanza zitumie kuanza kusoma, maana saa 17 haziingii Jumapili mbili. Wiki ya nne nayo itakubana, kwa sababu saa 12 haziingii Jumapili moja. Saa tano za rasimu zisogeze wiki ya tano, na saa nne za kulinganisha zisogeze wiki ya sita.

Na nikikuta mstari hauna herufi, lakini nina hakika kabisa ni wangu?

Tafuta maneno yake sita ya katikati mtandaoni, ndani ya alama za kunukuu, kisha pitia vitabu ulivyosoma siku hiyo. Usipokuta kitu, funga daftari na ujaribu kuliandika wazo hilo upya. Likija tofauti, tumia hilo jipya. Likija lilelile neno kwa neno, mimi ningeliacha.