SOMO: Neno "huru" kwa Kichina, likague hivi kabla halijaingia kwenye ngozi

Wakuu, wiki iliyopita alikuja kijana kwenye kibanda changu cha tatuu na herufi mbili za Kichina mkononi. Kazi safi, mistari imenyooka, wino umekaa vizuri, lakini anataka nizifunike. Siku anachorwa aliomba "huru". Alichopewa ni hiki: 免费. Herufi ya kwanza ni kusamehe au kuondolea, ya pili ni ada. Ukiziweka pamoja zinasomeka "bila malipo", neno lile lile linalobandikwa kwenye maegesho ya magari na kwenye vikombe vya kuonjea juisi supamaketi. Aligundua Kariakoo, mwenye duka Mchina alipomshika mkono akauliza kwa utani: wewe ni wa bure, nikuchukue?

Kinachouma ni kwamba Kiswahili kingemwokoa. Sisi tuna huru na tuna bure, na hakuna anayeyachanganya. Kiingereza kina neno moja kwa yote mawili. Aliyemtafsiria alitoka kwenye Kiswahili, akapitia Kiingereza, na huko katikati ndiko alikopotea.

Kabla ya kushika mashine hii nilisoma Kichina miaka miwili, kwa hiyo neno la mteja nalikagua mwenyewe. Nitachukua hilo hilo moja, "huru", tulifuate mpaka mwisho.

Hatua ya kwanza: uhuru upi?

Andika unachotaka kwa Kiswahili, sentensi nzima, maana neno moja halitoshi. "Uhuru" wetu umebeba mizigo mingi ambayo Wachina wameigawa. Uhuru wa nchi, ule wa 1961, kwao ni 独立, yaani kusimama peke yako. Neno hilo hutumika pia kwa binti anayejitegemea kwa kipato chake. Kukombolewa ni 解放, lakini hilo humkumbusha Mchina mwaka 1949, jeshi lao, na malori yenye jina hilo hilo. Uhuru wa mtu kufanya atakalo ni 自由, linatamkwa zìyóu.

Kijana wangu alisema: "Nimetoka kwenye kazi iliyokuwa inanibana, sasa hakuna wa kunipangia." Hapo tukajua tunatafuta 自由.

Hatua ya pili: rudi nyuma kutoka Kichina

Usiishie pale kamusi inapokupa jibu. Chukua herufi ulizopewa, ziingize kwenye kamusi ya Kichina kama MDBG, na usome maana zote pamoja na mifano. Kisha zivunje moja moja: 自 ni nafsi au mwenyewe, 由 ni kutokana na. Kujitokea mwenyewe, kwa hiyo inaingia akilini. Angalizo hapa: maana ya neno si jumla ya herufi zake. Kuvunja kunakusaidia kunusa hatari tu. Kama yule kijana angevunja 免费 akakuta "ada" ndani yake, angeshtuka mapema.

Halafu fanya jambo ambalo watu wengi hulipuuza: bandika herufi kwenye utafutaji wa picha, Baidu ikiwezekana. Ukiweka 免费 utamwagiwa mabango ya ofa na ya WiFi. Ukiweka 自由 utaona ndege, milima, watu waliotanua mikono, na pia mabango mekundu ya serikali. Hayo mabango nitayarudia.

Hatua ya tatu: sarufi

Kichina hakina upatanisho wa ngeli kama wetu, ndiyo maana watu hudhani hakina sarufi na huunganisha maneno kama matofali. Kijana alitaka "mimi ni huru", akaja na 我自由. Mimi, huru. Kwa sikio la Mchina hiyo inaning'inia, kama mtu aliyeanza kusema akakatizwa. Ukiongeza 很 katikati, 我很自由, sarufi imekaa, ila inasikika kama mtu anayesema ratiba yake haina kubanwa. Ukiweka 了 mwishoni, 我自由了, ni "sasa niko huru", na wa kwanza kufikiriwa ni mtu aliyetoka jela au aliyepewa talaka jana.

Sentensi zote tatu zina maneno sahihi, na hakuna hata moja ambayo ningeichora. Kwenye ngozi Mchina huzoea kuona nomino iliyosimama yenyewe au msemo wa herufi nne. Msemo upo: 自由自在, kujiachia bila bughudha, kama samaki majini. Ni mwepesi, wa raha. Anayetaka uhuru wa mapambano hautamfaa, ila kwa mtu aliyeacha kazi ya kubanwa unakaa.

Hatua ya nne: neno linanukia nini

Haya, yale mabango. 自由 limo kwenye orodha ya "maadili ya msingi ya ujamaa", maneno 12 ambayo chama tawala cha China kinayaeneza tangu 2012. Yako kwenye kuta za shule, vituo vya basi na uzio wa majengo. Kwa hiyo wapo Wachina ambao 自由 likiwa peke yake litawakumbusha ukuta wa shule. Wengine, hasa wa Hong Kong, litawakumbusha maandamano ya 2019. Neno moja, kambi mbili. Si sababu ya kuliacha, lakini ulijue. 自由自在 halina siasa hiyo.

Mtafute anayesoma Kichina. Nairobi na Dar vyuo vikuu vina taasisi za Confucius, na Kariakoo unawajua mwenyewe. Ila usimwulize "hii ni sahihi?" maana wengi kwa adabu watasema ni sahihi. Mwonyeshe picha, usimwambie maana, muulize: "Ukiona hivi mkononi mwa mtu, utafikiri nini?" Na uwaulize wawili wasiojuana.

Hatua ya tano: mkato mmoja

Hapa ndipo sisi wachoraji tunapoharibu. Tazama kwa karibu. 自 ina mikato sita: kidokezo juu, yaani mkato mfupi ulioinama, boksi, na mistari miwili ndani. Ukisahau kidokezo inakuwa 目, jicho. Ukibakisha kidokezo lakini ukaweka mstari mmoja tu ndani, ni 白, nyeupe. Kwa 由, mstari wa katikati lazima utoke juu ya boksi. Usipotoka ni 田, shamba. Ukitoka chini badala ya juu ni 甲, na ukitoka pande zote ni 申.

Kwa hiyo stensili iliyofifia upande wa juu tu inageuza "uhuru" kuwa "jicho shamba", 目田. Na Wachina wa mtandaoni huandika 目田 kwa makusudi: ni 自由 iliyokatwa vichwa, kejeli ya uhuru usiokuwepo. Mteja anakwenda nyumbani na utani wa kisiasa ambao hakuuomba.

Kagua pia kama stensili imegeuka kushoto kulia. Neno hili ni gumu kwa hilo kwa sababu boksi zote mbili zinafanana pande zote. Alama ni kidokezo cha 自: kinaanzia juu upande wa kulia kikishuka kushoto. Kikilala kinyume, futa stensili. Mwombe mtu atazame ngozi yenyewe, maana kioo hugeuza, na kamera ya mbele ya simu nyingi hugeuza pia.

Ukubwa: wino hutanuka kadiri miaka inavyokwenda, na 自 ina vyumba vitatu vidogo ndani. Mimi sishuki chini ya sentimita 3 kwa kila herufi.

Kijana tulimfunika 免费 kwa jani la mgomba, na 自由自在 ikaenda mkono wa pili, wima, fonti ya 楷体 ambayo inafanana na mwandiko wa brashi.

MASWALI

Swali: Mkuu, mimi naitwa Neema. Nimepata chati yenye A mpaka Z kwa Kichina, nimeshapanga herufi tano. Naomba uhakiki tu.

Jibu: Dada Neema, hiyo chati itupe. Kichina hakina alfabeti. Kuna mtu alizipachika herufi kwenye A mpaka Z bila mpangilio wowote, na ukizisoma hazitoi sauti ya jina wala maana. Majina huandikwa kwa sauti, na hapo wewe una mtihani wa pekee. Neema kwa sauti inaangukia 尼玛. Ni jina halali la Kitibeti, lakini mtandaoni vijana wa China huliandika badala ya tusi la "mama yako". Usilichore. Chukua maana ya jina lako: 恩典, ndilo neno la "neema" kwenye Biblia ya Kichina. Mchina atakuona Mkristo, na kwa jina lako nadhani hilo halikusumbui.

Swali: 自由自在 ni ndefu, na mbavuni panauma. Nikichora nusu?

Jibu: Nusu ya kwanza inakurudisha kwenye 自由 na mabango yake. Nusu ya pili, 自在, ni utulivu wa nafsi na ina harufu ya Kibuddha. Zote ni maneno kamili, ila chagua kwa kujua. Kupunguza herufi kwa sababu ya maumivu ndiko kulikomponza Ariana Grande mwaka 2019. Alitaka "pete saba" kwa Kijapani, akaruka herufi za katikati, kiganjani ikabaki 七輪: jiko dogo la mkaa.

Swali: Kwani Bongo nani anasoma hayo madude? Mnatutisha bure.

Jibu: Yule wa Kariakoo alisoma kwa sekunde mbili, kaka. Na hapo hujapanda ndege kwenda Guangzhou kufuata mzigo.

Swali: Mdogo wangu ameshachorwa, nimetazama baada ya somo hili, herufi ya pili ni 田. Inarekebishika au ni leza?

Jibu: Una bahati. Kuongeza mkato ni rahisi, kuondoa ndiko kazi. Subiri wiki sita ngozi ipone kabisa, kisha mstari wa katikati uvutwe juu, unene ule ule. Ingekuwa 甲, yenye mkia chini, hapo ningekwambia leza au kufunika. Halafu mtazame na ya kwanza, kama ina kidokezo.

Swali (huyo huyo): Nimetazama. Haina.

Jibu: Mlete, nitafanya zote mbili siku moja.