Jinsi ya kusoma grupu la kamati ya harusi mpaka ujue nani kaahidi, nani kalipa na nani bado anadaiwa

Dada yangu alinipigia Alhamisi usiku. Binti yake anaolewa, sherehe ni hapa Moshi, kikao cha mwisho kabla ya kumalizia hela ya ukumbi ni Jumapili, na mama mweka hazina kalazwa. List ya mwisho kwenye grupu la WhatsApp inasema ahadi 6,450,000, zilizoingia 4,120,000, kwa hiyo nje kuna 2,330,000. Nilipomaliza kuipitia Jumamosi jioni deni lilikuwa 2,910,000, na kulikuwa na watu watatu ambao kwenye ile list hawapo kabisa, wawili kati yao wakiwa wameshalipa kila kitu. Naandika nilivyofanya maana michango ya huku kwetu, Moshi hata Arusha, wote tunaiendesha kwa staili hii hii ya kukopi list na kupesti.

Hatua ya 1: toa meseji zote kwenye grupu

Fungua grupu, vidoti vitatu, More, Export chat, Without media, jitumie kwa imeili. Kwenye aifoni unabonyeza jina la grupu unashuka chini. Ikikataa, angalia kama admini kawasha Advanced chat privacy, azime kwanza.

Fanya hivyo kwenye simu ya mtu aliyekuwepo tangu grupu linafunguliwa na aliyesevu majina ya watu, maana faili linatoka na majina kama yalivyo kwenye simu yake, na ambao hajawasevu wanatoka namba tupu. Mimi nilitumia ya katibu. Tarehe nazo ziangalie, kuna simu zinaanza na mwezi, 7/8 ikawa Julai badala ya Agosti, utaona mwenyewe ukikuta siku imezidi 12.

Hatua ya 2: kurasa mbili, Ahadi na Malipo

Tumia Google Sheets. Daftari ni zuri kwa mweka hazina kuandika pesa inapoingia ila kwa kazi hii ya kulinganisha litakutesa. Ukurasa wa Ahadi: jina, kiasi. Ukurasa wa Malipo: tarehe, jina kama lilivyo kwenye Ahadi, kiasi, namba ya muamala. Usichanganye. Ahadi ni maneno ya mtu na ushahidi wake uko kwenye grupu, malipo ni pesa na ushahidi wake uko kwenye simu ya mweka hazina, na vurugu yote ya zile list inatokana na kuweka hivi viwili kwenye mstari mmoja wenye tiki.

Hatua ya 3: list (hapa ndipo nilipokesha)

Nilianza kama mtu yeyote angeanza, nikachukua list ya mwisho iliyopestiwa nikaiamini. Masaa manne nimejaza majina, nimepanga, naanza kuingiza malipo, nakuta shangazi wa Marangu katuma 100,000 na kwenye list hayupo. Nikarudi juu kwenye meseji nikamwona, namba 14, tarehe kabisa, na watu wamempigia makofi.

Kilichotokea ni hiki. List ilikuwa na watu 13. Mtu akaikopi, akaongeza jina la shangazi, akapesti. Dakika hizo hizo mwingine alikuwa kaikopi ile ile ya watu 13 na anaandika jina lake taratibu, naye akapesti ikiwa na 14 yake. Sasa grupu lina list mbili zenye watu 14 kila moja. Wanaofuata hawajui, wengine wanaendeleza ya kwanza, wengine ya pili, na baada ya siku mbili ya pili ndio imeshinda kwa sababu tu ndiyo iko chini. Shangazi kapotea, na hajafutwa na mtu.

Kwa hiyo usichukue list ya mwisho. Chukua ZOTE. Kwenye faili tafuta "14." au neno ambalo kila list inaanza nalo, kwetu ilikuwa "AHADI ZA HARUSI", kila inapotokea kopi list nzima uiweke kwenye safu yake kwa mpangilio wa saa. Sisi tulikuwa nazo 31. Ukishapata safu zote, tengeneza safu moja ya kila jina lililowahi kutajwa, afu mbele ya kila jina uliza kama lipo kwenye list ya mwisho. Hapa list ya mwisho nimeiweka safu F, majina matupu bila namba wala kiasi:

```
=COUNTIF(F:F,A2)
```

Ikitoka 0, huyo mtu ama kapotea ama jina lake limeandikwa tofauti. Usikimbilie kusema kapotea. Mimi nilipata sifuri kumi na moja na waliopotea kweli ni watatu tu, nane waliobaki ni majina yaliyobadilika njiani, "Mama Junior" akawa "Mama Jr", mwingine akawa "mama Jnr Pasua", na mmoja alikuwa na nafasi tupu mwishoni mwa jina ambayo macho hayaioni. Kila sifuri irudie kwenye meseji umtafute mtu mwenyewe.

Afu linganisha na viasi. Jina linaweza kudumu na hela ikabadilika. Kijana mmoja wa Himo aliandika 200,000, list saba mbele ikawa 20,000, sifuri moja imeliwa na kidole cha mtu aliyekuwa anaongeza jina lake chini. Kanuni yangu: kiasi sahihi ni kile mtu alichoandika kwa mkono wake, au kilichotamkwa kikaoni katibu akakirekodi, na kama kilibadilika lazima nione meseji yake akisema amepunguza. Nisipoiona namuuliza mwenyewe. Ukiona mstari umeandikwa <This message was edited> usibishane nao, nenda kamuulize aliyeandika.

Na tiki. Hii iliniuma zaidi. Mama mweka hazina hakuwa anaweka tiki mwenyewe, alikuwa anaandika "17 kamaliza" na yeyote mwenye nafasi anaweka. Lakini yeye 17 alikuwa anaiona kwenye list ya kina shangazi, anayeweka tiki anaiona kwenye list nyingine, na 17 hizo ni watu wawili. Mtu aliyeahidi 300,000 na hajatoa hata mia akapata tiki, na mzee wetu mmoja aliyelipa 150,000 yake yote akabaki mweupe, akawa anatajwa kila wiki kwenye wanaodaiwa. Meku hakusema neno, akaacha tu kuingia grupuni. Kwa hiyo futa tiki zote, zote kabisa, hata zile unazoamini.

Kuhusu tarakimu: "50" ni elfu hamsini, "laki na nusu" ni 150,000, "100.000" yenye nukta igeuze mwenyewe kwa mkono maana Sheets inaweza kuisoma mia moja. Walioahidi vitu, mjomba wa Kibosho na mbuzi wa ndafu, wale wa kreti za soda, waweke pembeni na neno "kitu", usiwageuze kuwa hela.

Hatua ya 4: pesa iliyoingia

Skrinshoti za kwenye grupu sio malipo. Tulikaa na binti wa mweka hazina, mama karuhusu, yeye anasoma meseji za M-Pesa na za benki kwenye simu moja baada ya nyingine kuanzia ya kwanza, mimi naandika. Namba ya muamala ni lazima, ndiyo inayokuambia kama pesa moja imehesabiwa mara mbili:

```
=COUNTIF(D:D,D2)
```

Ikizidi 1 simama. Kwetu namba ya muamala ilikamata moja: mume alituma 100,000, akaweka skrinshoti grupuni, mke naye akaiweka kwenye grupu la akina mama, ikafowadiwa kwetu, wote wawili wakapewa tiki wakati kila mmoja aliahidi 100,000 yake.

Shida ya hatua hii ni majina. Meseji inaleta jina la aliyesajili laini, na Mama Junior anatumia laini iliyosajiliwa na kaka yake, au katumia kwa wakala likatokea jina la wakala. Usibahatishe kwa kuangalia kiasi kinachofanana. Pesa usiyoijua mwenyewe iandike jina "HAIJULIKANI" na uulize grupuni kwa tarehe, saa na kiasi, "aliyetuma 50,000 Jumanne saa 2 usiku ni nani?", mwenye nayo atajitokeza na meseji yake. Tulianza na sita, zikaisha zote kufikia Jumamosi mchana.

Mtu akituma na ya kutolea, yaani 50,000 yenye mkia, mwandikie 50,000. Asiyeweka ya kutolea naye mwandikie 50,000 yake kamili, makato ni ya kamati. Najua kuna kamati zinawadai watu hiyo ya kutolea, mimi sikubaliani nazo.

Hatua ya 5: deni

Kwenye Ahadi, safu C ni alicholipa, D ni deni:

```
=SUMIFS(Malipo!C:C,Malipo!B:B,A2)
=MAX(0,B2-C2)
```

Hiyo MAX usiiache. Ukitoa jumla ya malipo kwenye jumla ya ahadi, waliozidisha wanawaficha wanaodaiwa. Kwetu ahadi sahihi zilikuwa 6,930,000 na malipo 4,070,000, ukitoa unapata 2,860,000. Lakini baba mdogo wa Sanawari aliahidi 100,000 akatoa 150,000, na ile 50,000 ya juu haimlipii mtu mwingine. Wanaodaiwa, mmoja mmoja, ni 2,910,000.

Hakikisha pia jumla ya Malipo inalingana na salio kwenye simu na benki ukijumlisha matumizi na makato yaliyokwisha kufanyika na ukitoa ile mikia ya kutolea. Isipolingana rudi hatua ya 4, usiende kikaoni.

Hatua ya 6: kuwakumbusha

Mmoja mmoja, sio grupuni. Weka ahadi yake, alicholipa na tarehe, ili kama umekosea akusahihishe:

"Shikamoo mama mdogo. Kwenye mchango wa binti yetu uliahidi 200,000, tumepokea 80,000 tarehe 3. Bado 120,000. Kama kuna uliyotuma sijaiona nisaidie meseji yake."

Nilituma 19 za hivi. Wawili walinirudishia ushahidi kwamba walimpa mwenyekiti mkononi, mwenyekiti akakiri kasahau kuwasilisha, nikawaingiza kwenye Malipo na kwenye namba ya muamala nikaandika "taslimu, mwenyekiti 1" na "taslimu, mwenyekiti 2".

List mpya ilipestiwa Jumapili asubuhi kama linki ya kusoma tu, hakuna wa kuibadilisha. Shangazi wa Marangu yuko namba 14, na kabla ya list mwenyekiti alimpigia meku akamwomba radhi.