Ukiulizwa "Una swali?" kwenye usaili wa mafunzo tarajali

Usiseme huna. Uliza: "Tarajali aliyepita alikuwa anafanya kazi gani hapa, na nani alimsimamia?" Jibu linafichua mengi. Ofisi ya uhasibu iliyojipanga itakwambia alikuwa analinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha, na mhasibu anakagua kazi yake kila Ijumaa. Ukisikia tu "alikuwa anasaidia saidia hapa na pale", huenda utaishia kutoa fotokopi miezi yote. Hapo ongeza kwa upole: "Naweza kupangiwa mtu mmoja wa kuripoti kwake?" Huyo ndiye atakayesaini logibuku yako, kama chuo kinaidai. Posho ya nauli iulizie mwisho, lakini iulizie, kabla hujalipia chumba.