Kupima ukolezi wa asidi ya betri kwa taitresheni

Fundi betri mmoja hapa Mafinga aliniletea chupa ya asidi mpya. Hidromita yake ilisoma 1.28, naye akataka kujua mle ndani mna asidi kiasi gani hasa. Tuifanye pamoja. Vaa miwani na glavu kwanza.

1. Izimue. Ukiipima ilivyo, mililita 25 zitakula zaidi ya lita moja ya alkali. Weka maji kiasi kwenye flaski ya mililita 500, kisha ongeza mililita 10.0 za asidi polepole, kwa pipeti yenye mpira wa kuvutia. Asidi ndiyo inaingia kwenye maji. Ukigeuza, itachemka ghafla na kukurukia. Flaski itapata joto. Hata kwa baridi ya Julai ya huku kwetu, ngoja ipoe ndipo ujaze maji hadi alama, la sivyo ujazo utapungua baadaye. Tikisa. Sasa imezimuliwa mara 50. Andika namba hiyo kabla hujaisahau.

2. Pima. Bureti isuuze kwa alkali yenyewe, yaani hidroksidi ya sodiamu ya moli 0.200 kwa lita. Flaski ya kupimia isuuze kwa maji tu. Wengi huisuuza kwa asidi, matone yanabaki, halafu wanashangaa alkali inatumika nyingi. Weka mililita 25.0 za asidi iliyozimuliwa na matone mawili ya fenolftalini. Fungua bureti huku ukitikisa, na karibu na mwisho nenda tone kwa tone. Simama kwenye waridi hafifu inayodumu nusu dakika. Ikiwa waridi iliyokolea, umepitiliza, rudia.

Jaribio la kwanza nililiharakisha, likatoa 24.80, nikalitupa. Yaliyofuata: 24.10, 24.15 na 24.05. Wastani ni mililita 24.10.

3. Kokotoa. Anza na mlinganyo, usianze na kikokotoo:

```
H2SO4 + 2NaOH → Na2SO4 + 2H2O
```

Moli moja ya asidi hii inahitaji moli mbili za alkali. Kwa hiyo moli za alkali lazima uzigawe kwa mbili:

```
NaOH:   0.200 × 24.10 / 1000 = 0.00482 mol
H2SO4:  0.00482 / 2 = 0.00241 mol
Iliyozimuliwa:  0.00241 / 0.0250 = 0.0964 mol/L
Ya chupani:     0.0964 × 50 = 4.82 mol/L
```

Zidisha kwa 98, uzito wa moli moja, upate gramu 472 kwa lita.

4. Lihoji jibu. Hidromita ilisema 1.28, maana yake lita moja ina uzito wa gramu 1280. Gramu 472 ni karibu asilimia 37 ya hizo, na ndivyo asidi ya betri ya 1.28 inavyokuwa. Usipogawa kwa mbili utapata asilimia 74, na asidi ya namna hiyo ingesomeka zaidi ya 1.6 kwenye hidromita. Ukisahau ile 50 peke yake, utapata gramu 9 na ushee kwa lita, kimiminika ambacho hidromita ingekiona kama maji.

Fundi nilimpa namba moja tu, 37, akaiandika kwa chaki ubavuni mwa chupa.