Sifuri inapovuruga asilimia ya makosa ya utabiri

Ukiona `mean_absolute_percentage_error` ya scikit-learn imekurudishia kitu kama 2.25e15, usikimbilie kulaumu modeli. Tafuta sifuri kwenye thamani halisi: kosa hugawanywa kwa thamani hiyo, na ikiwa sifuri, maktaba huweka kijinamba kidogo mno mahali pake. Wengine hufuta safu hizo, kumbe wanafuta na makosa yaliyomo.

Mimi hugawanya jumla kwa jumla, yaani WAPE. Tuseme halisi ni 0, 4, 1, 5 na utabiri ni 2, 3, 2, 5. Makosa ni 2+1+1+0 = 4, jumla halisi ni 10, basi 40%.

Kipindi kizima kikiwa sifuri, hata hiyo hukwama. Hapo tumia MASE, inayogawanya wastani wa makosa yako kwa ule wa kutabiri “leo kama jana” kwenye data ya mafunzo.