Mpinzani aweke sahihi: ninavyofundisha insha ya hoja Kidato cha Tatu

Ninafundisha Kiswahili shule ya kutwa hapa Tanga. Kwa miaka kadhaa nilianza somo la insha kwa kuandika ubaoni: utangulizi, kiini, hitimisho. Mwaka mmoja nikaongeza na aya ya mfano ili wapate mwanga. Nilipokusanya madaftari, aya yangu ilikuwa mle, neno kwa neno, katika karibu kila daftari. Tangu hapo mfano wangu haupandi ubaoni mpaka wao wawe wameandika, na utangulizi nimeusogeza mwisho kabisa.

Nitaeleza kwa mada niliyoitumia mara ya mwisho: chakula cha mchana shuleni. Wanaotoka Pongwe na Mabokweni huondoka nyumbani alfajiri, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa mada inahusu nini. Tulitumia vipindi vitano, viwili kati ya hivyo vikiwa vimeungana.

Hatua ya 1: Dai linaloweza kukataliwa

Kila mwanafunzi anaandika sentensi moja tu. Wengi wataandika "Chakula ni muhimu kwa mwanafunzi", na wachache wataanza na "Chakula ni kitu chochote kinacholiwa". Zote si dai. Kipimo changu ni hiki: mtafute mtu mmoja mwenye akili timamu, mzazi au mwalimu, anayeweza kusema "sikubaliani" na akawa na sababu. Hakuna atakayebisha kwamba chakula ni muhimu. Lakini msichana mmoja wa dawati la mbele aliandika: "Shule yetu iwalazimishe wazazi wote kuchangia chakula cha mchana." Darasa likachangamka palepale. Hilo ndilo dai, na ndilo nitakalolifuata hapa hadi mwisho.

Hatua ya 2: Umejuaje?

Aliandika sababu yake: wanafunzi wenye njaa hawasomi vipindi vya mchana. Ushahidi aliouweka ulikuwa methali, "Mwenye njaa hana miiko", na chini yake "wataalamu wanasema". Wataalamu gani? Hakujua. Watoto wa pwani wanapenda methali, nami siwazuii, ila nawaambia methali inapamba hoja, haiithibitishi. Mpinzani naye ana methali yake mfukoni.

Badala yake nikamtuma kwa monita. Kwa siku tano wakahesabu wanafunzi waliokuwa darasani kipindi cha kwanza na waliobaki kipindi cha mwisho. Katika darasa la watu 48, siku ya Jumatatu walibaki 35, Alhamisi 33. Akaandika kwa furaha: "Hii inaonesha kwamba njaa inawafukuza."

Hapa mwalimu usipite haraka. Hesabu ile inaonesha kwamba watu wanaondoka. Haioneshi kwa nini wanaondoka. Huenda wanawahi daladala, huenda ni joto, huenda ni mwalimu wa kipindi cha mwisho (siku mbili kati ya hizo ni mimi, na darasa halikusahau kunikumbusha). Nikamrudisha akawaulize kumi kati ya walioondoka. Saba walisema njaa, wawili usafiri, mmoja alikuwa anamsaidia mama yake biashara. Sasa sentensi yake ikawa: "Kati ya kumi niliowauliza, saba walisema wanaondoka kwa sababu ya njaa." Ni ndogo kuliko ile ya wataalamu, lakini ukimuuliza umejuaje, anajibu.

Ukitaka kujua kama darasa limeelewa, tazama vitenzi. Anayeandika "inathibitisha" kila mahali bado. Anayechagua kati ya "inaonesha", "inaashiria" na "inathibitisha" kulingana na alichonacho ameshika.

Hatua ya 3: Hoja pinzani na sahihi yake

Hiki ndicho kipindi kilichoungana, na ndipo insha nyingi huangukia. Ukimwambia mwanafunzi "weka hoja pinzani", atabuni mpinzani mjinga ili ampige kwa urahisi: "Wapo wanaosema chakula hakina faida, lakini hao hawajui maana ya elimu." Hakuna mtu aliyewahi kusema hivyo. Amesimamisha sanamu shambani na kuipiga kofi.

Kwa hiyo simwachii aibuni. Namtafutia mwenzake darasani ambaye kweli hakubaliani naye. Wanakaa dawati moja. Mpinzani anasema kwa dakika tano, mwandishi anasikiliza bila kujibu, kisha anaiandika hoja ile kwa maneno yake mwenyewe. Mpinzani anaisoma. Akiona ndiyo aliyosema, anaweka sahihi pembeni ya aya. Asiporidhika, inaandikwa upya. Bila sahihi, huruhusiwi kujibu.

Msichana wangu alipangiwa mvulana ambaye baba yake anavua. Jaribio lake la kwanza lilisomeka: "Wengine hawataki kuchangia kwa sababu ni wabahili." Mvulana akakataa kusaini. "Mimi sikusema ubahili. Nimesema bahari ikichafuka hatuna kitu."

Jaribio la tatu ndilo lililopata sahihi:

"Ni kweli kwamba serikali iliondoa ada ya sekondari hadi Kidato cha Nne tangu mwaka 2016 ili mtoto asikose shule kwa kukosa pesa. Tukiwalazimisha wazazi wote kuchangia chakula, mvuvi ambaye kipato chake hubadilika kila siku anaweza kushindwa, na mtoto wake atarudishwa nyumbani. Atakuwa amekosa chakula na masomo pia."

Hoja imesimama. Nilimwona akiisoma tena na kukunja uso.

Hatua ya 4: Kujibu

Nawapa njia tatu tu. Unaweza kuonesha kwamba ushahidi wa mpinzani si wa kweli. Unaweza kukubali kwamba ni wa kweli lakini uzito wake ni mdogo kuliko wa kwako. Au unakubali kwamba amekupata, kisha unapunguza dai lako. Ya tatu wanaiogopa kwa kudhani ni kushindwa. Mimi ndiyo ninayoitafuta ninaposahihisha, maana anayeitumia amefikiri.

Yeye aliichagua hiyo ya tatu: "Hoja hii ina uzito. Kwa hiyo mchango usiwe wa lazima, na uweze kutolewa kwa mahindi, unga wa muhogo au dagaa, si fedha peke yake. Asiyechangia asirudishwe nyumbani."

Kisha akalazimika kurudi ukurasa wa kwanza, kwa sababu dai lake bado lilisema "iwalazimishe". Kosa hili ni la kawaida sana: aya ya nne inakubali, aya ya kwanza haijui. Njia rahisi ya kulikamata ni kumwambia asome sentensi ya dai na sentensi ya jibu kwa sauti, moja baada ya nyingine. Sikio linakamata kilichoponyoka jicho. Dai likawa: "Shule yetu ianzishe chakula cha mchana kwa mchango wa hiari."

Hatua ya 5: Hitimisho, halafu utangulizi

Hitimisho halirudii hoja zote. Ninataka sentensi tatu au nne: dai limebaki vipi baada ya kupingwa, na ni jambo gani halijajibiwa. Utangulizi nao ni mfupi, hali halisi kisha dai, bila kufafanua neno "chakula".

Insha ikishakamilika namwita tena mpinzani, safari hii asome jibu. Yule mvulana alisoma hadi chini, akachukua kalamu ya risasi na kuandika pembeni: "Ikiwa ni hiari, na wengi wasipochangia?" Msichana akamnyang'anya daftari. Kesho yake hitimisho lake lilikuwa na sentensi mpya: "Sijui ni wazazi wangapi watachangia kwa hiari, kwa hiyo napendekeza tuanze na uji kwa muhula mmoja, kisha tuhesabu tena waliobaki kipindi cha mwisho."