Somo: Kwa nini "Delete for everyone" ya WhatsApp hugoma, na muda wake unaisha lini

Kamwene wana Iringa, salamu kwenu wa Mbeya na Njombe. Swali hili limekuwa likirudi kila wiki, kwa hiyo leo tulimalize. Nitatumia mkasa mmoja wa mweka hazina wa kikoba pale Uyole, ambaye ameniruhusu nisimulie bila jina lake.

Ijumaa saa 2 usiku alipiga picha ukurasa wa daftari la madeni ili amtumie katibu. Kidole kikateleza, picha ikaingia kwenye grupu la wakulima wa parachichi wa Rungwe. Hakujua chochote mpaka Jumapili saa 11 jioni, mtu alipomuuliza kwenye grupu kama hilo ni deni la mbolea.

Kwanza, piga hesabu ya muda

Wengi bado wanaamini mwisho ni dakika 7. Ndivyo ilivyokuwa huduma hii ilipoanza mwaka 2017. Mwaka 2018 ikasogezwa hadi saa moja na dakika kadhaa, na Agosti 2022 ikawa siku 2 na kidogo, ambayo kwa vitendo ni kama saa 60. WhatsApp wenyewe kwenye maelezo yao wanasema "takriban siku 2", kwa hiyo wewe hesabu siku 2. Hizo saa za ziada zichukulie kama bahati.

Saa inaanza kuhesabu pale ulipotuma. Mwenzako kuisoma au kutoisoma hakubadilishi kitu. Kwa mweka hazina wetu, kutoka Ijumaa saa 2 usiku hadi Jumapili saa 2 usiku ni saa 48. Ongeza 12, unafika Jumatatu saa 2 asubuhi. Jumapili saa 11 jioni zilikuwa zimepita saa 45 tu, kwa hiyo alikuwa bado ndani.

Pili, tazama nani kaona, halafu futa

Kwenye simu ya Android, bonyeza meseji na ushikilie, gusa vidoti vitatu juu kulia, chagua Info. Kwenye grupu utaona nani imemfikia na nani ameisoma. Fanya hivyo kabla ya kufuta, kwa sababu hayo majina ndiyo utakayohitaji baadaye ukitaka kumpigia mtu simu. Usikae sana hapo.

Rudi, shikilia meseji tena, gusa alama ya pipa la taka, kisha Delete for everyone. Soma kabla ya kugusa! Chini yake kuna Delete for me, na hapo ndipo watu wanapojimaliza: meseji inatoka kwako, wengine wanabaki nayo, na wewe huna tena cha kushika ili ufute. Ukikosea hivyo, chini ya skrini hutokea Undo kwa sekunde kama 5. Iwahi.

Ukiona Delete for me peke yake, basi muda umekwisha, au umechagua pamoja na meseji ya mtu mwingine. Ondoa alama kwenye ya mwenzako, ujaribu tena ukiwa na yako tu.

Tatu, usidanganywe na skrini yako

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Ukifuta, kwako inaandikwa You deleted this message, nawe unashusha pumzi. Maandishi hayo yanazungumzia simu yako tu. Kilichotokea ni kwamba simu yako imetuma ujumbe mwingine, usioonekana, unaoziambia simu za wenzako ziondoe ule wa kwanza. Kila simu inatekeleza yenyewe. Ikishindwa, WhatsApp haikuletei taarifa. Na kama bando limekata pale ulipogusa, hiyo amri haijatoka kwako hata kidogo.

Kwenye lile grupu la Rungwe, simu nyingi zilitii. Mkulima mmoja simu yake ilikuwa imezima tangu Ijumaa mchana. Alipoiwasha Jumanne alikuta maandishi kwamba meseji imefutwa, picha hakuiona. Tiki moja, kwa hiyo, ni habari njema kwa anayefuta.

Wa pili ana iPhone iliyowekwa ihifadhi picha za WhatsApp kwenye albamu ya simu. Kwenye chati picha ilitoweka, kwenye albamu ikabaki. Wa tatu alikuwa ameshaifowadi kwa mkewe Jumamosi. Iliyofowadiwa ni meseji mpya, mwenye nayo ni yule aliyeifowadi, na amri ya mweka hazina haiifikii. Na yule aliyeuliza habari ya mbolea alikuwa amejibu kwa kuinukuu picha, kwa hiyo kijipicha kidogo kikabaki kimening'inia ndani ya jibu lake mpaka alipofuta jibu lenyewe.

Mweka hazina aliyajua haya kwa njia moja tu: alimwomba dada yake, ambaye naye yumo kwenye grupu, amwonyeshe simu. Kisha akampigia mmoja mmoja.

Maswali ya wanachama

Makambako: Mwalimu, mimi nilifuta ndani ya dakika moja, lakini mwenzangu akaniandikia neno kwa neno nilichokiandika. Aliwezaje?

Ndugu, huenda aliisoma juu ya skrini ilipoingia. Vilevile simu za Android kuanzia toleo la 11 zina sehemu ya Notification history. Mtu akiiwasha, maandishi ya taarifa zilizoingia hubaki pale hata kama meseji imefutwa kwenye chati. Pia wapo wanaotumia WhatsApp za pembeni kama GB, ambazo zimetengenezwa zikaidi amri ya kufuta. Huko huna la kufanya.

Mafinga: Nikirudisha tarehe ya simu nyuma, si nitaweza kufuta ya wiki iliyopita?

Kaka, ujanja huo umesambaa sana kwenye vijiwe vya simu. WhatsApp inagoma kuunganika ikikuta tarehe ya simu si sahihi, na amri ya kufuta haitoki bila kuunganika. Utapoteza muda na kuvuruga mpangilio wa meseji zako.

Mwanjelwa: Muda umeshanipita, na meseji iko kwenye grupu la ukoo. Hakuna namna?

Mama, jaribu kumwomba admini wa grupu, ingawa sikuahidi kwamba kwake bado itakubali. Tangu 2022 admini anaweza kufuta meseji ya mwanachama yeyote kwa wote, na watu wataona jina la admini aliyefuta. Mpigie mapema, usisubiri kikao. Kama ni chati ya watu wawili, hapo umebaki na kumwomba mwenyewe aifute upande wake.

Tukuyu: Ndaga mwalimu. Je, nikiwasha Disappearing messages sasa, zile za nyuma zitaondoka?

Hapana. Inagusa zitakazotumwa baada ya kuiwasha.

Njombe: Niliandika kiasi kibaya cha mchango, 50,000 badala ya 5,000. Nifute niandike upya?

Kwa kosa la namna hiyo usifute, rekebisha. Shikilia meseji, vidoti vitatu, Edit. Una dakika 15 tangu kutuma, na itaonekana kwamba imehaririwa. Zikipita dakika hizo, ndipo ufute na kutuma upya, ukieleza kabisa umefuta nini, maana kwenye grupu la michango meseji iliyofutwa bila maelezo huzaa maneno hadi usiku wa manane.